Kipimo cha mstari kinasema mtoto anao, cha karatasi kinasema hana

Shikamoo dada. Nakaa Igombe, mume wangu anavua dagaa. Nikiwa na mimba ya miezi minne tulipima wote VVU kliniki tukaambiwa hatuna, nikajifungua zahanati na sikupimwa tena. Mwezi uliopita nikampeleka mtoto kupima uzito, ana miezi 8, nesi akasema mama anayenyonyesha apime, wakarudia rudia vipimo wakaniambia nina maambukizi, nikaanzishiwa dawa siku ileile. Mtoto wakamtoboa kidole gumba cha mguu wakadondosha damu kwenye karatasi, akapewa na dawa, wakasema majibu yake yatakuja. Mama mkwe hakusubiri, akampeleka kwenye kimaabara huku mtaani akapimwa cha mstari ikatoka miwili akaambiwa mtoto anao. Nililia hadi nikaishiwa nguvu. Baadae kliniki wakaniita wanasema karatasi imesoma hana. Nani mkweli hapo? Mume wangu nae kapima hana, anasema mimi ndo nimeleta. Na mama mkwe anataka nimwachishe ziwa leo leo. Nisaidie dada, nachanganyikiwa.

Mama K, Igombe

---

Marahaba mdogo wangu. Nianze na kile kinachokunyima usingizi: kwa mtoto wa miezi 8 amini karatasi, achana na ule mstari. Na wala sio kwamba yule wa mtaani lazima kasoma vibaya, inawezekana kabisa mistari miwili ilitoka kweli na mtoto bado hana. Ngoja nikueleze inakuwaje maana ukishaelewa hapa hata mama mkwe utaweza kumwelezea mwenyewe.

Kile kipimo cha mstari, kile cha kutoboa kidole na kusubiri dakika chache, hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unawatengeneza baada ya kirusi kuingia. Kwa mtu mzima haina shida sana, askari wakikutwa kwenye damu yako ni wako, maana yake kirusi kiliingia. Kwa mtoto mchanga mambo yanageuka kwasababu mama anampa mtoto askari wake kupitia kondo la nyuma, hasa ile miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na anampa wote, wa surua, wa pepopunda, na wa VVU pia kama anao. Mtoto anazaliwa na hao askari wa mama kwenye damu hata kama kirusi chenyewe hakikupita. Wanapungua taratibu, kuna watoto wanawamaliza wakiwa na miezi 9, wengi wanakuwa wamewamaliza wakifika miezi 18, na wachache wanabaki nao hata karibu na miaka miwili. We unajua beseni lililobebea sangara, samaki wameshauzwa wameisha na bado beseni linanuka hadi jioni. Kile kipimo cha mstari kinanusa beseni. Karatasi inaangalia kama samaki yumo.

Ile karatasi kwenye fomu yako utaona wameandika DNA PCR. Inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kama hakipo hakipo, askari wa mama hawawezi kuidanganya. Ndio maana kwa mtoto wa chini ya miezi 18 mstari peke yake hauruhusiwi kumwita ana maambukizi. Na yule aliyempima mwanao akamtamkia bibi yake kwamba mtoto anao, bila wewe mama kuwepo, bila kuuliza hata mtoto ana miezi mingapi, kafanya makosa mawili kwa mkupuo. Sitaki kukuongezea ugomvi ila kama kuna mwingine anasoma hapa na ana mtoto mdogo, usimpeleke huko, kwanza hata ukipata majibu hayana kazi.

Sasa kuna kitu kwenye barua yako nataka ukione maana nadhani kimekupita. Kama ule mstari wa mtoto ulikuwa wa kweli, basi umesema habari zako wewe. Askari walioonekana ni wako na walipita kwenye kondo, kwahiyo inaelekea ulikuwa umeshaambukizwa kabla hujajifungua. Ungeambukizwa baada ya kujifungua mtoto asingekuwa na hao askari kwenye damu, maana kupitia maziwa hawaingii kwenye damu yake kwa wingi wa kuonekana kwenye kipimo. Nasema inaelekea kwasababu ni kipimo kimoja cha mtaani, siwezi kukiapia. Ila kikiwa sahihi, mwanao kapita mimba, kapita uchungu, kanyonya miezi minane na wewe hujui kitu hunywi dawa, na kirusi hakijaonekana kwake. Watu wanaona haiwezekani. Inawezekana sana, hata pale ambapo mama hapati dawa yoyote, wanaoambukizwa ni kati ya watoto 15 na 45 kwa kila 100 kuanzia mimba mpaka kuacha kunyonya, kwahiyo walio wengi wanasalimika. Mama akiwa kwenye dawa vizuri inashuka chini ya 5.

Utaniuliza, sasa mbona mimba ya miezi minne nilipima nikaambiwa sina? Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza uliambukizwa baada ya siku ile, miezi mitano iliyobaki ya mimba ni mirefu. Ya pili siku ile kirusi kilikuwa kimeshaingia ila kipimo hakikiona, na hicho ndo kinaitwa kipindi cha dirisha.

Kipindi cha dirisha watu wanakitaja kama vile ni kimoja, kila mtu miezi mitatu, kumbe kinategemea unapimwa na nini. Kirusi kikiingia leo, siku kama kumi za mwanzo hakuna kipimo chochote kitakachokiona, kinakuwa bado kinazaana huko kwenye tishu. Kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, jamii ya PCR, kinaanza kukiona kati ya siku 10 na 33. Kipimo cha mstari cha damu ya kidole kinasubiri askari watengenezwe wawe wengi, hiyo inachukua siku 23 hadi 90. Watu wengi wanakuwa wameshaonekana wiki ya nne hadi ya sita, ila wapo wanaochelewa na ndio maana tunasema miezi mitatu. Na ubaya wa hilo dirisha ni kwamba hapo ambapo mstari hautoki ndipo kirusi kinakuwa kingi kuliko wakati wowote kwenye damu na kwenye maziwa, mtu anatembea na karatasi ya hana na anaambukiza kuliko mwenye miaka kumi na ugonjwa. Ndo maana mwongozo unataka mjamzito aliyekutwa hana arudiwe kipimo miezi mitatu ya mwisho, na arudiwe tena akiwa ananyonyesha. Kwako kile cha pili hakikufanyika. Yule nesi wa kwenye mizani aliyekukumbuka mwezi uliopita, huyo mshukuru.

Na zile rudia rudia uliziona ndo utaratibu wenyewe. Mtu mzima haambiwi ana maambukizi kwa kipimo kimoja tu. Kipimo cha kwanza kikionyesha anao anapimwa na cha kampuni nyingine, Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa SD Bioline kwanza kisha Uni-Gold, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vitatu vya aina tofauti vikubaliane. Sababu ni kwamba kila kipimo kina makosa yake madogo, sasa ukipima watu wengi ambao wengi wao hawana, hata kosa dogo linakuletea watu kadhaa wanaoambiwa wanao na hawana. Vya kampuni mbili tatu tofauti havikosei kwa mtu yuleyule kirahisi. Hata mda wa kusoma una sheria, Bioline inasomwa kati ya dakika 10 na 20, mtu akikiacha mezani akaenda kunywa chai akarudi baada ya saa nzima akaona kimstari kinafifia fifia, hicho hakihesabiwi.

Turudi kwa mtoto. Karatasi imesema hana, ila usiishike kama cheti cha maisha. Ile imekujibu swali moja tu: mpaka wiki chache kabla ya siku waliyomtoboa, kirusi kilikuwa hakijaonekana. Kama maziwa ya wiki ileile yalimwambukiza, isingeona, nayo ina dirisha lake kama nilivyosema. Na bado ananyonya. Kwahiyo yeye hajamaliza, ana vipimo mbele yake.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwezi uliopita umeanza dawa, naamini ni kile kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri ndani. Hicho kinashusha kirusi haraka, wengi ndani ya mwezi mmoja au miwili kinakuwa kimeshuka sana, ila siku ya kwanza unapoanza maziwa yako bado yana kirusi kama jana yake. Hiyo miezi mitatu ya mwanzo ndo sehemu ya hatari kwa mwanao, na ndo sababu wamempa na yeye dawa. Mtoto ambaye mama yake amegundulika akiwa ananyonyesha anahesabiwa yupo kwenye hatari kubwa, kwa kawaida anapewa dawa mbili, nevirapini na zidovudini, kwa wiki 12, na septrini pembeni ambayo haizuii VVU bali inazuia nimonia na maambukizi mengine mpaka ijulikane moja kwa moja kwamba hana. Angalia chupa ulizopewa, kama kuna jina moja tu kati ya hayo mawili ya kwanza rudi uulize, kwa upole tu, mwambie nesi mimi nimegundulika nikiwa nanyonyesha, je mtoto haongezewi ya pili? Wakati mwingine ni dawa imeisha stoo, wakati mwingine mtu alifuata utaratibu wa mtoto ambaye mama yake alikuwa kwenye dawa tangu zamani, huyo anapewa nevirapini peke yake wiki 6.

Ukifikisha miezi mitatu ya dawa utatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Hayo majibu yako ndo yananihusu kuliko kitu chochote kwenye barua hii. Yakirudi hawaonekani, maziwa yako yanakuwa salama kwa kiasi kikubwa sana. Yakirudi wapo wengi, usiondoke kliniki bila kujua kinachofuata kwa mtoto, maana huenda dawa zake zikaendelea na karatasi ikachukuliwa tena.

Na karatasi itachukuliwa tena kwa vyovyote. Kuna kipimo cha kawaida cha miezi 9, kwako kimekaribiana na hiki cha juzi kwahiyo kliniki watakupangia, ila mimi ningependa kimoja kichukuliwe wiki kadhaa baada ya mtoto kumaliza zile dawa za maji. Sababu ni hii: dawa ikiwa kwenye damu ya mtoto inaweza kukishusha kirusi kikawa kidogo mno hata PCR isikione, afu dawa ikiisha kinapanda. Hilo halitokei mara nyingi, ila linatokea, na mama anakuwa ameshasherehekea. Baada ya hapo kinabaki kipimo cha mwisho, nacho hakiji mpaka masharti mawili yatimie: mtoto awe amefika miezi 18, na awe ameacha kunyonya. Ukiacha kumnyonyesha sio kesho yake unampeleka, kwasababu ziwa la mwisho nalo linahitaji dirisha lake lifunge. Kuna kliniki zinahesabu wiki 6 tangu aache, Shirika la Afya linahesabu miezi mitatu. Mimi ningekusubirisha mitatu. Ukimwachisha akiwa na miaka miwili basi kipimo cha mwisho ni miaka miwili na miezi mitatu, na wakati huo ndipo kile cha mstari kinapata kazi kwake, maana askari wako watakuwa wameisha, ukitoka hana ni hana kweli. Ukitoka unaonyesha anao hawaishii kwenye hicho kimoja, wanarudia vipimo kuhakikisha.

Kwahiyo kumwachisha leo leo hapana. Mama mkwe anaongea kwa uchungu na zamani kulikuwa na ushauri wa namna hiyo, sio kwamba kaota. Ila saivi mama aliye kwenye dawa anaambiwa anyonyeshe mpaka mwaka mmoja na anaweza kuendelea hadi miaka miwili na kuzidi, alimradi dawa hazikatiki. Mtoto wa miezi 8 ukimkata ziwa kwa siku moja, kwa maji yetu haya ya kuchota ziwani, unampeleka kwenye kuharisha, na kuharisha kunaua watoto wa umri huo haraka kuliko hicho unachokikimbia. Isitoshe ukimwachisha ghafla maziwa yanajaa, titi linavimba, na titi lenye kidonda au jipu ndo linalopitisha kirusi zaidi, na mtoto akilia usiku utampa tu, tunajuana. Kwahiyo mnyonyeshe, na uji wake na dagaa wa kusaga aendelee navyo kama umri wake unavyotaka. Chuchu ikipasuka au titi likiuma, kamua hilo umwage, nyonyesha la upande wa pili, na nenda kituo siku hiyohiyo.

Umeniambia walimtoboa kidole gumba cha mguu. Ni sawasawa, mtoto mdogo wa chini ya kilo 5 anatobolewa kisigino, akishazidi hapo ni kidole gumba cha mguu, akizidi kilo 10 ndo kidole cha mkono. Nakwambia hivi kwasababu utarudi tena, na siku hiyo uangalie. Ile karatasi ina viduara vitano. Tone moja kubwa linadondoka lenyewe katikati ya duara, linaloa mpaka upande wa nyuma. Sio kugandamiza kidole kwenye karatasi na kupaka, wala kudondosha tone juu ya tone lililoanza kukauka. Afu inaanikwa kivulini masaa kadhaa, kwa kawaida inalala hadi asubuhi, ndipo inafungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Huku kwetu kipindi cha masika ziwa likipuliza unyevu karatasi haikauki vizuri, ikifungwa mbichi inaota ukungu na maabara wanaikataa. Kanda ya Ziwa sampuli nyingi zinaenda maabara ya hospitali ya Bugando, na ikikataliwa huko unarudishiwa ujumbe wa kuchukua upya, hayo sio majibu ya ana wala hana, ni hakuna majibu. Ukikaa wiki za kutosha huitwi, usijifariji kwamba kimya ni kizuri, nenda uulize kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Kuna vituo vingine vina mashine ya GeneXpert, ileile inayopimia kifua kikuu, hiyo inatoa majibu ndani ya saa moja na nusu hivi na unaondoka nayo mkononi, uliza kama kituo cha karibu yako wanaitumia kwa watoto.

Kuna msomaji mwingine hapa karatasi ya mwanae imerudi anao, nae nimjibu kidogo kabla sijaenda kwa baba K. Huyo mtoto anaanzishiwa dawa siku ileile, na siku hiyohiyo inachukuliwa karatasi ya pili ya kuhakikisha, hakuna kusubiri ya pili irudi ndo aanze. Watoto wachanga wenye VVU wasiotibiwa, theluthi moja hawafikishi mwaka na nusu yao hawafikishi miaka miwili, kwahiyo wiki mbili za kusubiri ni nyingi. Na akishakua, miezi 18 au miaka mitatu, asije mtu akampima cha mstari kikatoka hana akakwambia kapona mwachishe dawa. Mtoto aliyeanza dawa mapema sana anaweza asitengeneze askari wake kabisa, wa mama wameisha na wake hawakuwahi kuwepo, mstari hautoki, na kirusi kimelala ndani kinasubiri uache dawa. Hili limewahi kuwapoteza watu, nalisema kwa herufi kubwa moyoni.

Haya, mume wako.

Kasema hana, na inawezekana kweli hana. Watu wanaishi pamoja miaka mmoja anao mwingine hana, tunawaona kila siku CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, kirusi hakipiti kila mnapolala pamoja. Lakini inawezekana pia yuko dirishani. Muulize alipima lini, na lini mara ya mwisho mlilala bila kondomu. Mvuvi wa dagaa sihitaji kumfundisha kalenda, giza yuko ziwani na taa, mbalamwezi ikishakuwa kubwa dagaa hawafuati taa anarudi nyumbani. Sasa chukulia alirudi mbalamwezi iliyopita, mkawa pamoja, wiki inayofuata wewe ukagundulika na yeye akakimbia kupima. Hicho kipimo kimeangalia nyuma ya ile mbalamwezi, cha wiki hiyo hakijakiona na kisingeweza kukiona. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu, kwahiyo tatu ni kama siku 88, karibu kabisa na zile 90. Muanze kuhesabu siku ya mwisho mliyolala bila kondomu, apime mbalamwezi ya pili kupita kidogo, yaani wiki ya tisa hivi, afu arudie ya tatu ikishapita. Katikati hapo kondomu kila mara, hata mkipatana usiku wa manane, ikivunjika mara moja tu hesabu inaanza upya. Na ikivunjika, au mkijisahau, ndani ya masaa 72 awe ameshafika kituo apewe dawa za kuzuia, akifika siku ya nne wameshamkosa. Kama hana kweli, kuna dawa kinga ya kumeza kila siku kwa mtu ambaye mwenzake anao, aulizie CTC, inamfaa sana mpaka wewe kirusi chako kishuke kisionekane. Ukifika hapo na ukabaki hapo, hatakipata kwako kwa njia ya kulala pamoja.

Na hili la nani kaleta. Mdogo wangu mimi sikuulizi, na nitakwambia ukweli ambao hakuna atakayeupenda. Kipimo kinasema yupo au hayupo, hakina tarehe wala jina la mtu. Akipima mpaka mbalamwezi ya tatu ikapita na bado hana, basi hakutoka kwake, huo ni ukweli nao itabidi mkae nao, ila hata hapo haijulikani ni lini, maana ile hana ya mimba inaweza kuwa dirisha kama ulikuwa umeingiliwa na kirusi wiki chache tu kabla, au msomaji wa kipimo alikosea, na hayo huwezi kuyatengua leo. Akija kutoka anao kwenye kipimo cha pili, nayo haimaanishi ulimpa wewe, inaweza kuwa aliingia dirishani visiwani huko. Wala mtu asije na ile ya mtoto, kwamba mtoto hana kwahiyo mama kaupata juzi, nimeshakuonyesha hapo juu kwamba ule mstari wa mtoto unaelekea kusema kinyume chake. Mwambie aje na wewe CTC siku ya dawa, mkae na mshauri nasaha wote wawili, aulize mwenyewe, wanaume wengi wakisikia hesabu ya dirisha kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe sauti inashuka. Akikupiga au akikufukuza usibebe peke yako, ustawi wa jamii wapo halmashauri na dawati la jinsia lipo polisi, na dawa usikubali ziachwe nyuma, zako na za mtoto, ziwe kwenye mfuko mmoja na kadi.

Mama mkwe umweleze lile la beseni. Na kwa kuwa ameshajua, mpe kazi: awe ndo anakumbusha dawa za maji za mtoto asubuhi na jioni ukiwa umeanika dagaa.

Mwisho kabisa, mtoto akiugua hapo katikati, kikohozi kisichoisha, kuhara kwa muda mrefu, uzito unasimama au unashuka kwenye kadi, utando mweupe mdomoni unaorudi rudi, usisubiri tarehe ya kipimo iliyoandikwa. Mpeleke, na sema wazi kwamba mama yake yuko kwenye dawa na mtoto bado ananyonya, wachukue karatasi nyingine siku hiyo.